UZI: Dashibodi ya domeini iko Kijerumani tupu. Tarehe ya kulipia, rekodi za DNS na kufuli la uhamisho

ParachichiRungwe (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mambo ya kompyuta ya kikundi cha wakulima wa parachichi huku Tukuyu. Domeini yetu ni ya .com, ilisajiliwa na mjitoleaji wa Kijerumani kwenye kampuni ya kwao. Amenikabidhi akaunti kwa roho safi na bado anajibu imeili, ila dashibodi yote ni Kijerumani. Pa kubadilishia lugha nimepatafuta juu, chini na kwenye wasifu, hapapo. Jina halisi sitaliweka hapa, tuite example.com. Ukurasa wa kwanza unasoma hivi:

```
Registriert am:       21.09.2018
Laufzeit bis:         21.09.2026
Nächste Abrechnung:   22.08.2026
Zahlungsart:          SEPA-Lastschrift
Transfersperre:       aktiv   [Deaktivieren]
```

Ninachotaka ni vitu vitatu. Kwanza, nijue tarehe ipi kati ya hizo ndiyo ya kufa na kupona. Pili, tumehamisha tovuti kwenda seva mpya, kwa hiyo nibadilishe anwani bila kugusa imeili, maana wanunuzi wanatumia imeili kila siku. Tatu, baadaye nihamishie domeini kwa muuzaji wa hapa nchini tulipe kwa simu. Naogopa kubonyeza kitu nisichokielewa.

---

Kijana_wa_Sokomatola

Mbona rahisi mkuu. Nenda Settings, halafu General, halafu Site Language, chagua Kiswahili, save. Dakika moja.

---

ParachichiRungwe

Kaka hiyo ni WordPress. Tovuti yenyewe iko Kiswahili na haina shida. Naongelea dashibodi ya kampuni iliyosajili jina.

---

Mkwawa_Online

Kamwene! Usijisumbue kutafuta lugha. Fungua kwa Chrome, bofya kulia, tafsiri ukurasa wote, fanya kazi yako. Ila angalia tarehe, wazungu wanaanza na mwezi. Halafu hilo kufuli usiliguse kabisa, ukilifungua tu tovuti na imeili vinazimika.

---

Seva_Mwanjelwa

Mkwawa hapo umepatia nusu, ngoja ninyooshe kabla mwenzetu hajafanya kitu.

Wanaoanza na mwezi ni Wamarekani. Wajerumani wanaanza na siku kama sisi, na wanatenganisha kwa nukta. Kwenye 21.09 hakuna utata kwa sababu hakuna mwezi wa 21, ila kwenye tarehe kama 03.11 mtu anaweza kukosea miezi minane. Na kitafsiri chenyewe wakati mwingine kinaigeuza tarehe bila kukuambia.

Kuhusu kufuli, halihusiani na tovuti kuwaka wala kuzimika. Linazuia kitu kimoja tu, domeini kuhamishwa kutoka msajili mmoja kwenda mwingine. Ukilifungua leo na kulifunga kesho, msomaji wa tovuti hatajua.

Kutafsiri ukurasa ni sawa kwa kusoma, lakini usifanyie kazi kwenye ukurasa uliotafsiriwa. Kitafsiri hakijui kwamba neno "mail" kwenye jedwali la DNS ni jina la mashine, kinaweza kukuandikia "barua". Ukikopi kutoka hapo umeshaharibu. Tena dashibodi nyingi za siku hizi zinajichora upya ukibonyeza kitu, na kitafsiri kinapokuwa kimebadilisha maneno chini yake ukurasa unaganda. Unabonyeza Speichern, halafu kimya, hujui kama imehifadhi au la. Fungua madirisha mawili: moja limetafsiriwa la kusomea, la pili la Kijerumani asilia la kubonyezea. Uyaweke ubavuni, utafute kitufe kwa nafasi yake na si kwa neno lake.

Sasa maneno yanayoumiza watu kwenye Kijerumani ni mawili-mawili. "Abbrechen" ni kughairi, yaani funga kidirisha, usifanye chochote. "Kündigen" ni kuvunja mkataba wa domeini. Kitafsiri kinaweza kuyaita yote mawili "Ghairi". Mtu anataka kutoka kwenye kidirisha, anabonyeza "Ghairi" ya pili, na ameanza safari ya kuiachia domeini. Jozi nyingine ni "Zurück", yaani rudi nyuma, na "Zurücksetzen", ambayo inarudisha mipangilio ya kiwandani. Kwenye ukurasa wa DNS hiyo ya pili inaweza kufuta rekodi zako zote za imeili na kuweka za kampuni. Herufi zake za mwanzo zinafanana kabisa, na kwenye simu kitufe kirefu kinaweza kukatwa kikabaki "Zurück…". Kazi hii usiifanyie kwenye simu.

---

ParachichiRungwe

Ndaga fijo mkuu. Hiyo "Kündigen" ipo, nyekundu, chini kabisa. Nilidhani ni kufunga ukurasa. Sijaigusa.

Sasa kwenye tarehe?

---

Seva_Mwanjelwa

Tarehe usiitafute kwenye dashibodi peke yake. Iulize rejista kuu ya .com, ambayo inaendeshwa na Verisign, yenyewe haibadilishi lugha kwa mtu yeyote. Weka hii kwenye brauza, ukibadilisha jina mwishoni:

```
https://rdap.verisign.com/com/v1/domain/example.com
```

Utapata maandishi yamejaa mabano. Tafuta neno `expiration` na neno `status`, utubandikie hapa.

---

ParachichiRungwe

Nimepata, ila imenichanganya zaidi. Tarehe haifanani na ya dashibodi.

```
"status":["client transfer prohibited"]
"eventAction":"expiration","eventDate":"2026-09-20T22:41:09Z"
```

Dashibodi inasema tarehe 21, hii inasema 20. Nifuate ipi?

---

Seva_Mwanjelwa

Zote ni saa ileile. Hiyo Z mwishoni maana yake ni saa ya UTC. Ujerumani mwezi wa tisa wako mbele saa mbili, kwa hiyo 22:41 kwao ni 00:41, siku imeshageuka, ndiyo maana wakaandika 21. Sisi tuko mbele saa tatu, kwa hiyo hapo Tukuyu itakuwa saa saba na dakika 41 usiku wa kuamkia tarehe 21. Kwenye kalenda ya ukutani andika tarehe 20, ili kosa likitokea liwe la kuwahi.

Ila hiyo siyo tarehe yako ya kufanyia kazi. Yako ni ile ya chini yake, "Nächste Abrechnung", tarehe 22 Agosti. Hiyo ni siku watakayotoa ankara na kudai hela ya mwaka unaofuata. Na hela watadai wapi? Angalia mstari wa nne: SEPA-Lastschrift. Hiyo ni ruhusa ya kukata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya Ulaya, bila shaka ya yule mjitoleaji. Akaunti ya benki ya hapa Tanzania haiingii kwenye mfumo huo hata ukiandika namba vizuri namna gani. Akifunga akaunti yake, au akiona makato asiyoyakumbuka akayarudisha, malipo yanagonga mwamba na msajili anafunga huduma. Tafuta ukurasa wa "Zahlungsart ändern" uone kama wanapokea "Kreditkarte". Kama wanapokea, kadi pepe ya Visa ya kwenye simu inaweza kukubali, lakini ijaribu mapema, usisubiri tarehe 22.

---

DadaWaMakambako

Naomba kuongeza kwenye hizo tarehe. Msajili wa .com anatakiwa kutuma kumbusho mara mbili kabla ya kuisha, moja karibu mwezi mmoja kabla na nyingine karibu wiki moja kabla, halafu moja ndani ya siku tano baada ya kuisha. Kumbusho linakwenda kwa lugha ya mkataba, kwa hiyo lenu litakuja kwa Kijerumani, kwenye imeili ya aliyesajili. Muombe huyo mjitoleaji atafute kwenye kisanduku chake, pamoja na folda ya taka, maneno haya: Verlängerung, läuft ab, Rechnung, Mahnung. Akikuta Mahnung, hiyo ni barua ya deni, kuna ankara haijalipwa. Halafu kwenye dashibodi tafuta "Kontaktdaten", uone imeili ya nani iko pale.

---

Njombe_Mbao

Jamani na mimi nina langu linafanana. Domeini ya ofisi yetu ya mbao iliisha wiki iliyopita, hatujalipa. Tovuti imezima inaonyesha matangazo ya ajabu. Lakini nimefungua hiyo linki ya Verisign, inaonyesha inaisha 2027! Kwa hiyo imeshalipiwa? Niwaambie wasajili wanaitapeli ofisi?

---

Seva_Mwanjelwa

Hapana mzee, hujalipiwa. Hapo ndipo hiyo linki inapodanganya watu. Rejista ya .com ikifika siku ya kuisha inamwongezea msajili mwaka mmoja yenyewe, papo hapo, na kumdai yeye. Msajili ana siku 45 za kuamua. Ukimlipa, mwaka unabaki. Usipomlipa anaifuta, anarudishiwa hela yake na ule mwaka unafutika. Kwa hiyo ndani ya siku hizo 45 rejista inaonyesha 2027 wakati wewe unadaiwa. Angalia `status`, unaweza kukuta `auto renew period`. Ukiiona hiyo na tovuti imezima, kalipe leo. Siku 45 ni za msajili, si zako, anaweza kuifuta kabla hazijaisha. Akishaifuta inaingia siku 30 za kukomboa, na kukomboa kuna ada yake juu ya bei ya kawaida. Baada ya hapo siku tano za kusubiri, halafu yeyote anaweza kuichukua.

---

Njombe_Mbao

Aisee. Ipo kweli, `auto renew period`. Naenda kwa mhasibu sasa hivi.

---

ParachichiRungwe

Yangu haina hiyo, nashukuru. Sasa naomba twende kwenye DNS. Ukurasa unaitwa "DNS-Einstellungen", jedwali ni hili, IP nimezibadilisha:

```
Hostname   Typ    Wert                   Priorität  TTL
@          A      192.0.2.10                        86400
@          AAAA   2001:db8::10                      86400
www        CNAME  example.com                       86400
@          MX     mx.example.net         10         86400
@          TXT    v=spf1 mx ~all                    86400
```

Seva mpya ni 203.0.113.25.

---

Seva_Mwanjelwa

Hapa lugha haikusumbui sana, maana A, MX, CNAME na TXT ni vilevile hata dashibodi ikiwa ya Kichina. Safu ya "Wert" ndiyo yenye thamani, "Priorität" inahusu MX tu, yaani mstari wa imeili.

Leo usibadilishe anwani. Leo fanya mambo mawili. Piga picha jedwali zima, na uliandike kwenye faili kwa mkono kutoka dirisha la Kijerumani, si lililotafsiriwa. Kisha kwenye mistari miwili ya kwanza badilisha TTL kutoka 86400 kwenda 3600. Kitufe cha kuhariri ni "Bearbeiten" au picha ya kalamu, kuhifadhi ni "Speichern". 86400 ni sekunde za siku nzima, maana yake mashine zilizokwishauliza anwani yako zinaruhusiwa kuikumbuka saa 24. Kwa hiyo subiri saa 24 baada ya kushusha, ndipo ubadilishe IP. Ukikosea kesho, kosa litadumu saa moja badala ya siku.

Kesho, kwenye mstari wa A weka 203.0.113.25. Kwenye kisanduku cha "Hostname" acha @ ilivyo. Ukiunda mstari mpya, usiandike www.example.com pale, andika www peke yake. Dashibodi nyingi zinajiongezea jina la domeini mwishoni, ukiandika lote unapata www.example.com.example.com, na ukurasa hautalalamika.

Mstari wa AAAA ndio unaosahaulika. Ukibadilisha A ukauacha huo, simu na mitandao yenye IPv6 itaendelea kwenda seva ya zamani. Utabishana na watu: wewe unaona tovuti mpya, mwenyekiti anaona ya zamani, na wote mko sahihi. Cheti cha Let's Encrypt nacho kinaweza kugoma, kwa sababu wakaguzi wao wanaanza na AAAA ikiwepo. Kama seva mpya haina IPv6, futa huo mstari. Kufuta ni "Löschen". Kidirisha kitakuuliza uthibitishe, kisome jina la mstari mara mbili, maana MX iko mistari miwili tu chini yake.

---

Mkwawa_Online

Na hiyo SPF je? Imeandikwa mx, siyo a, kwa hiyo imeili haitaguswa, au sivyo?

---

Seva_Mwanjelwa

Sahihi kaka, hapo umeona vizuri. MX inaelekea mx.example.net, haiko kwenye seva ya tovuti, kwa hiyo kuhamisha tovuti hakuigusi. Ingekuwa MX inaelekea example.com yenyewe, hapo imeili ingehama na tovuti. Kitu kimoja tu: kama tovuti mpya ina fomu ya mawasiliano inayotuma imeili yenyewe kwa jina la domeini, IP yake lazima iongezwe kwenye huo mstari wa SPF, la sivyo ujumbe wa wanunuzi utaishia kwenye taka:

```
v=spf1 mx ip4:203.0.113.25 ~all
```

Ubaki mstari mmoja. Ukiweka miwili inayoanza na v=spf1, wapokeaji wanahesabu yote kuwa kosa.

Baada ya kuhifadhi usiamini rangi ya kijani ya "Erfolgreich gespeichert". Uliza seva ya majina yao moja kwa moja, isiyo na kumbukumbu ya zamani:

```
dig +short example.com NS
dig +short @ns1.example.net example.com A
dig +short @ns1.example.net example.com AAAA
dig +short @ns1.example.net example.com MX
```

Amri ya kwanza inakupa jina la seva, unaliweka badala ya ns1.example.net. Mstari wa A ukileta IP mpya, AAAA ukileta utupu, na MX ukibaki vilevile, kazi imeshika. Kama A bado ni ya zamani baada ya robo saa, huenda kuna kitufe cha pili cha kuhifadhi juu au chini ya ukurasa, mara nyingi "Änderungen übernehmen". Wengine wanahifadhi mstari kwanza na kuuchapisha baadaye.

---

Fundi_Uyole

Kwa wenye Windows wasio na dig:

```
nslookup -type=mx example.com
```

Badilisha mx iwe a, aaaa, txt. Inatosha kwa ukaguzi wa kawaida.

---

ParachichiRungwe

Nimerudi. TTL nilishusha juzi, jana nimebadilisha A, nimefuta AAAA. Kweli kilikuwepo kitufe cha pili, "Änderungen übernehmen", nisingekijua. dig inaleta IP mpya, MX haijasogea, imeili zinaingia.

Sasa kufuli. "Transfersperre: aktiv", na pembeni kitufe "Deaktivieren". Je, ni sasa hivi limefungwa au limefunguliwa?

---

Seva_Mwanjelwa

Limefungwa. Neno la kushoto ni hali ya sasa, neno lililo ndani ya kitufe ni kitakachotokea ukibonyeza. Ila zipo dashibodi zenye swichi tu ya rangi, bila maneno, na hapo hata Mjerumani anakosea. Ndiyo maana unaangalia tena Verisign. Ikiwa `client transfer prohibited`, limefungwa. Ukilifungua mstari huo unaondoka, na kama hakuna zuio lingine utaona `active`. Ukikuta `server transfer prohibited`, hilo zuio ni la rejista, kitufe chako hakiliondoi.

Sasa mpangilio wa kuhama. Muuzaji mpya uwe umeshamchagua kabla hujafungua. Kabla ya kuomba uhamisho jibu swali hili: DNS iko wapi? Yako iko kwa hawahawa Wajerumani. Ukihama, baadhi yao wanazima DNS yao domeini ikishaondoka, na hapo tovuti na imeili vinazima pamoja. Ndiyo nusu ya ukweli aliyokuwa nayo Mkwawa: chanzo si kufuli, ni DNS kuachwa nyuma. Andika rekodi zote kwa mtoa huduma mpya wa DNS kwanza, kutoka kwenye jedwali lilivyo sasa, si ile picha yenye IP ya zamani, halafu ubadilishe "Nameserver" kwenye dashibodi ya zamani, usubiri siku mbili kamili, maana rejista ya .com inatoa majina ya seva kwa TTL ya sekunde 172800. Imeili ikiendelea kuingia ndipo uombe uhamisho. Na kama kuna sehemu ya DNSSEC imewashwa, izime siku moja au mbili kabla ya kubadilisha Nameserver, la sivyo watumiaji wa 8.8.8.8 watakosa tovuti kabisa.

Kisha fungua kufuli, bonyeza "Auth-Code anfordern". Msimbo ukija una alama za ajabu, ukopi kutoka dirisha lisilotafsiriwa, uhakikishe hakuna nafasi mwishoni. Uupeleke kwa muuzaji mpya na ulipie. Wajerumani wanaweza kutuma imeili ya kuuliza kama kweli unahama. Kuna "bestätigen", kukubali, na "ablehnen", kukataa. Usipobonyeza chochote, baada ya siku tano inapita yenyewe. Ukibonyeza ablehnen kwa bahati mbaya unaanza upya.

Uhamisho wa .com unaongeza mwaka mmoja juu ya ule uliobaki, kwa hiyo yako itasoma Septemba 2027. Huhitaji kulipa Ujerumani halafu ulipe tena hapa.

---

DadaWaMakambako

Hapo naomba kutofautiana kidogo. Kabla ya kuhama angalia "Inhaber", mmiliki. Kama ni jina la mjitoleaji, badilisha liwe la kikundi kwanza. Kesho kukiwa na mgogoro, anayetambulika ni aliyeandikwa pale, hata kama ninyi ndio mnalipa.

---

Seva_Mwanjelwa

Hoja ni ya kweli dada, ninachogombana nacho ni mpangilio. Kubadilisha mmiliki kwenye .com kwa kawaida kunaleta zuio la siku 60 za kutohama, isipokuwa msajili akupe nafasi ya kulikataa kabla hujathibitisha. Hesabu: akibadilisha leo katikati ya Julai, siku 60 zinamfikisha katikati ya Septemba, siku chache kabla ya kuisha, na tarehe 22 Agosti watakuwa wameshajaribu kukata hela. Mimi ningehama kwanza, mmiliki abadilishwe kwa msajili mpya.

---

DadaWaMakambako

Na mimi ningelipa huu mwaka hukohuko Ujerumani, nibadilishe mmiliki kwa utulivu, nihame baada ya siku 60. Gharama ni ya mwaka mmoja tu wa .com. Wanakikundi ni wengi, hela ya wote iko kwenye jina la mtu mmoja aliye mbali, hata kama ni mtu mwema.

---

Chunya_Digital

Kwa nini asiihamishe tu iwe .co.tz, alipe shilingi, yaishe?

---

Fundi_Uyole

Mwaisa, .com haigeuki kuwa .co.tz. Hiyo ni kununua jina jipya, na sheria zake za kuhama ziko chini ya rejista ya hapa nchini, siyo hizi za siku 60 na siku tano. Anaweza kununua zote mbili, lakini imeili za wanunuzi zimeshaandikwa .com.

---

ParachichiRungwe

Nimeangalia Inhaber, ni jina lake kweli. Nimemwandikia, amesema yuko tayari kwa lolote, na malipo ya tarehe 22 Agosti yapite kwake tutamrudishia. Kreditkarte wanapokea, lakini kadi ya simu imekataliwa mara ya kwanza, naulizia kwa wakala wa mtandao kama ni kikomo cha muamala.

Kuhusu nani aanze, mmiliki au uhamisho, nalipeleka kwenye kikao cha kikundi Jumamosi. Swali moja la kupeleka kikaoni: kwenye ukurasa wa kubadilisha Inhaber kuna kisanduku kidogo kimeandikwa "60-Tage-Sperre ablehnen". Ndiyo ile nafasi ya kukataa zuio?

---

Seva_Mwanjelwa

Ndiyo hiyo. Kiweke tiki kabla ya kuthibitisha, baada ya kuthibitisha hakirudi. Piga picha ya skrini kikiwa na tiki, halafu siku mbili baadaye angalia dashibodi kama wamekuwekea tarehe ya zuio. Wasipoweka, ushauri wa dada na wangu vyote vinawezekana kwa wakati mmoja. Kufuli lenyewe liache limefungwa mpaka siku unayoomba msimbo.